Jinsi ya kuchuja filamu ya kutazama kabla ya kulala

Dada yangu anapata usingizi kwa shida, na filamu nyingi anazoambiwa ni tulivu humgutusha katikati. Hivi ndivyo ninavyomchujia.

1. Chagua filamu. Hadithi ndogo, watu wachache, hakuna anayemkimbiza mwenzake. Iwe kwa lugha unayoielewa kwa kusikia tu, maana kusoma manukuu kunakulazimisha kukodolea skrini.

2. Pekua manukuu. Hapa ndipo penye kazi. Usiamini trela wala alama ya kuwa inafaa watoto. Chukua *The Straight Story* ya David Lynch (1999): mzee anasafiri kwa mashine ya kukatia nyasi kwenda kumwona kaka yake mgonjwa. Mwendo wa kobe, mashamba, mazungumzo ya taratibu. Lakini njiani mwanamke anagonga kulungu kwa gari, kisha anashuka akipiga kelele. Ukiwa umeshaanza kusinzia, hapo usingizi umekwisha.

Tafuta faili ya manukuu ya viziwi, ambayo mara nyingi ina herufi SDH kwenye jina. Hiyo huandika hata sauti: breki, mayowe, mlango kubamizwa. Kwa manukuu ya Kiingereza, kwenye Linux au Mac:

```
grep -iE -B2 "scream|screech|crash|gun|thunder" filamu.srt
```

Mstari wa saa ulio juu ya neno unakuonyesha dakika. Kwenye Windows, fungua faili kwa Notepad utafute neno mojamoja. Tukio likiwa moja, andika dakika yake uliruke. Yakiwa mengi, achana na filamu hiyo.

Usipopata kitu, usifurahi bado. Tafuta mabano, `[` au `(`. Yasipokuwepo, huenda faili ni ya kawaida na haijakuambia lolote kuhusu sauti. Alama ya ♪ nayo huonyesha muziki unapoanza, si ukali wake, kwa hiyo sikiliza sehemu hizo mchana, pamoja na wimbo wa mwisho majina yanapopita.

3. Bana sauti. Unapandisha sauti ili usikie maongezi, mara muziki unakulipukia. Ndiyo maana natazamia kwenye programu ya VLC ya kompyuta na si kwingine. Kwenye Windows au Linux, ingia `Tools > Effects and Filters > Audio Effects > Compressor`, washa `Enable`. Anza na `Threshold` -25 dB na `Ratio` 6:1, kisha pandisha `Makeup gain` mpaka mnong'ono usikike vizuri, ndipo upunguze sauti kuu. Ukisikia upepo au mvumo wa nyuma ukipanda kila mtu anaponyamaza, umebana mno, shusha `Ratio`.

4. Zuia filamu nyingine isifuate. Kwenye VLC ya Windows au Linux ni `Media > Quit at the end of playlist`.