Kabla hujaenda ukweni na viganja vinavyolowa

Vaa shati jepesi la pamba, jeupe au la bluu nzito. La kijivu liache nyumbani, linaonyesha kila tone. Fika mapema ukae kivulini upoe. Dawa ya kwapa iwe ile ya kuzuia jasho, yenye alumini, siyo ya kunukia tu, na ipakwe usiku ngozi ikiwa kavu.

Sasa leso. Iache mfukoni, usiishike mkononi!

Mdogo wangu alipokwenda kujitambulisha ukweni, Ujiji, alivaa koti kwenye joto la Oktoba ili afiche kwapa, na leso akaifumbata kiganja cha kulia. Kiganja kilichofumbwa hakipati hewa, kwa hiyo jasho halikauki, na koti likamzidishia joto. Mzee akanyoosha mkono. Kijana akaanza kuhamisha leso kushoto, akajifuta kwenye suruali, mkono wa mzee unamngoja hewani. Baadaye shangazi wa binti akatuuliza kama kijana wetu anawaonea kinyaa. Jasho hakulitaja mtu. Walichokiona ni kule kuficha.

Elewa kinachotokea. Jasho la viganja linaendeshwa na mishipa ya fahamu ileile inayokimbiza moyo ukiogopa, wala huwezi kuliamuru likome. Kila ukijikagua kama umelowa, hofu inapanda, na jasho linaongezeka. Uso nao ni hivyo hivyo: damu inajaa kwenye ngozi, masikio yanawaka moto. Kwa sisi weusi ule wekundu hauonekani sana, lakini mwenyewe anapima kwa joto analolihisi, anaamini ukumbi mzima unamtazama.

Safari ya pili tulimvua koti, leso tukamnyang'anya, tukampa kazi moja: amsikilize mzee kiasi cha kuweza kutusimulia maneno yake njiani. Kabla ya siku hiyo alijizoeza kusalimiana na watu dukani na msikitini bila kujifuta kwanza. Siku ilipofika akatoa mkono mbichi vilevile, "Shikamoo baba." Mzee akaitikia marahaba, akaendelea kulalamikia bei ya migebuka. Chakula kilipoletwa viganja vilikuwa bado vimelowa, na posa ikapokelewa.

Kama viganja vinalowa hata ukiwa peke yako umetulia, tena tangu utotoni, hilo ni jambo jingine na lina dawa zake, nenda hospitali. Nenda upesi zaidi kama jasho linalowesha shuka usiku, una kikohozi kisichoisha, homa au unakonda, ukapimwe kifua kikuu na malaria. Na usiazime vidonge vya moyo vya jirani eti vya kutuliza mapigo. Baadhi yake, kama propranololi, vinaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Pombe ya kujipa ujasiri nayo iache, inapasha uso joto na ukweni wataisikia harufu yake.