Kabla fomu ya tathmini haijafika mezani kwa meneja

Mpe meneja fomu yenye neno "Bidii" na visanduku vitano mbele yake, naye ataweka 4. Hajapima chochote. 4 ni alama isiyomgombanisha na mtu, wala haimlazimu kukumbuka kitu. Ndiyo maana kazi kubwa ya tathmini ya utendaji hufanyika wiki sita hivi kabla ya msimu wenyewe, fomu ikiwa bado haijachapishwa.

Tuchukue chama cha akiba na mikopo chenye matawi matatu. Kila tawi lina maafisa mikopo wanane, na meneja wa tawi ndiye anayewapima. Ofisa utumishi wa makao makuu anataka fomu moja itakayotumika kote.

Asianze na orodha ya sifa; aanze na matukio. Kila meneja, pamoja na maafisa wachache wazoefu, aandike kwenye vikaratasi matukio kumi ya mwaka uliopita aliyoyashuhudia mwenyewe, matano ya kazi nzuri na matano ya kazi mbovu. "Ni mvivu" si tukio. "Alipeleka faili kwenye kamati ya mikopo bila fomu ya mdhamini, likarudi, akalipeleka tena vilevile" ni tukio. Vikaratasi vikishakusanywa, vichanganywe na kupewa watu wengine ambao hawakuviandika, wavigawe kwenye vigezo: ukamilifu wa mafaili, ufuatiliaji wa marejesho, huduma kwa mwanachama, ushirikiano kazini. Kikaratasi ambacho huyu anakiweka hapa na yule anakiweka kule kitupwe, kwa sababu kikiingia kwenye fomu kitasomwa kwa namna tatu tofauti. Njia hii ilitokana na kazi ya Patricia Smith na Lorne Kendall, walioitumia kwa wauguzi na kuichapisha mwaka 1963. Inachosha, lakini hatua hii ya kuvigawa upya ndiyo inayoonyesha kigezo kipi kinaeleweka na kipi ni maneno tu.

Vikaratasi vilivyobaki ndivyo vinavyokuwa maelezo ya alama. Kwenye ukamilifu wa mafaili, 5 inaweza kusomeka hivi: mafaili yake hupita kamati mara ya kwanza, na yeye mwenyewe hugundua mdhamini aliyekwisha kudhamini mkopo mwingine. 3 iwe: faili moja moja hurudi kwa upungufu mdogo, naye hulirekebisha siku hiyohiyo. 1 iwe: mafaili hurudi mara kwa mara kwa kukosa hati zilezile hata baada ya kuelekezwa. 2 na 4 ni za walio katikati, hazihitaji maelezo marefu.

Mambo matatu madogo yasisahaulike kwenye karatasi yenyewe. Kila alama iwe na mistari miwili ya kuandika tukio na tarehe yake. Pawepo kisanduku cha "sikupata nafasi ya kuona", maana meneja asiyeliona jambo hulikisia kutokana na lile aliloliona. Na kila ukurasa useme wazi alama ya juu ni ipi. Hili la mwisho linaonekana la kitoto, lakini kwenye fomu za OPRAS zilizoanza kutumika katika utumishi wa umma Tanzania mwaka 2004, 1 ndiyo ilikuwa alama bora na 5 ya chini kabisa. Meneja aliyetoka serikalini anaweza kumwangusha mfanyakazi wake bora kwa mazoea ya mkono tu.

Sasa mameneja wenyewe. Makosa mawili ndiyo yanayosumbua zaidi. La kwanza ni alama za huruma, pale kila mtu anapopewa 4 na 5. La pili ni sifa moja kung'aa mpaka ikafunika nyingine zote. Edward Thorndike alilieleza hili la pili mwaka 1920, alipoona kuwa maafisa wa jeshi la Marekani waliowapima walio chini yao kwa umbo, akili, uongozi na tabia walitoa alama zinazofuatana kupita kiasi, kana kwamba ni sifa moja yenye majina manne. Kwetu ni yule afisa mchangamfu, anayewahi kazini na kumwamkia kila mwanachama kwa jina: anapewa 5 kwenye huduma, halafu 5 hiyohiyo kwenye mafaili, wakati rejista ya kamati inaonyesha mafaili yake 9 kati ya 40 yalirudishwa.

Mafunzo mengi hukosea hapa. Mkufunzi husimama, hueleza makosa haya kwa michoro, kisha huwaambia mameneja wasitoe alama za juu nyingi na wasitoe alama zinazofanana. Wanatii. Mwaka 1980 Bernardin na Pence walionyesha kuwa mafunzo ya namna hiyo hupunguza kweli alama za huruma, lakini usahihi nao hushuka: watu wameacha mazoea ya zamani na kushika mengine, bila kumtazama mfanyakazi. Tawi lenye maafisa wanane wazuri kweli litapata 3 za kulazimisha.

Kinachofaa zaidi ni kuwapa mameneja jicho moja. Andaa masimulizi mawili ya nusu ukurasa kuhusu maafisa wa kubuni, yenye mazuri na mabaya yaliyochanganyika. Watu watatu wanaoijua kazi vizuri wakubaliane mapema alama sahihi za kila kigezo. Siku ya mafunzo, kila meneja apime simulizi la kwanza peke yake, kimya, kisha alama ziandikwe ubaoni. Tuseme kwenye ufuatiliaji wa marejesho wametoa 5, 4 na 2, na jibu lililoandaliwa ni 3. Usimkosoe aliyetoa 5. Muulize ni sentensi ipi iliyompa hiyo 5. Mara nyingi atasoma sentensi inayosema afisa huyo hubaki ofisini mpaka jioni. Hiyo haisemi lolote kuhusu marejesho, na ataligundua mwenyewe mbele ya wenzake. Kisha wapime simulizi la pili, na tofauti zikipungua, mafunzo yameshika. Saa tatu zinatosha. Saa zinazosalia siku hiyo wazitumie kuanza daftari la matukio, mistari miwili kila Ijumaa kwa kila afisa, la sivyo mwaka mzima utahukumiwa kwa mwezi wa mwisho.

Mafunzo hayawezi kumponya anayejua ukweli na bado anatoa 5. Kama alama ndiyo inayoamua bonasi, na kesho atakaa ofisi moja na mtu huyo, ana sababu zake. Kwa hiyo panga kabla kwamba fomu zitapitiwa na mkubwa wake kabla mfanyakazi hajaziona.

Mpitiaji naye ajue anatafuta nini. Tawi la kwanza likija na wastani wa 4.6, na mengine mawili 3.4 na 3.5, huo si ushahidi bado; huenda lina watu bora. Afungue rejista: kama mafaili yanayorudishwa na mikopo iliyochelewa kulipwa kwenye tawi hilo ni sawa na kwa wenzake, hapo kuna huruma. Kwa kosa la pili asome fomu moja kwa mlalo. Mtu mmoja kupata 4, 4, 4, 4 inawezekana. Maafisa wote wanane kupata safu bapa ni vigumu kuamini.

Akishaona hivyo, asikate alama kwa hesabu yake. Amrudishie meneja fomu na ombi moja: kila 5 iandikiwe matukio mawili yenye tarehe. Zenye matukio zibaki, hata zikiwa nyingi. Zisizo nayo, azishushe meneja mwenyewe, kwa kalamu yake.