Bakapu ya laptopu kila Jumamosi kwenye diski ya nje, hatua kwa hatua na FreeFileSync

Wakuu habari za leo. Mie ni fundi wa kompyuta hapa Tanga, kibanda changu kipo Ngamiani, na leo nataka niwaonyeshe ninavyomuwekea mteja bakapu inayojiendesha yenyewe kila wiki kwenda kwenye diski ya nje. Natumia laptopu ya Windows na programu inaitwa FreeFileSync, ni ya bure kwa matumizi binafsi, unaipata kwenye tovuti yao freefilesync.org, usiichukue kwingine.

Kabla ya hatua niseme kwa nini nawawekea hivi na si vingine. Kuna mwalimu mmoja wa sekondari nilimuwekea bakapu zamani, kila Jumamosi inafanya diski ifanane na laptopu, basi. Siku moja akafungua faili lake la matokeo ya kidato cha pili, akafuta shiti nzima akidhani yuko kwenye kopi, akasevu, akafunga. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi bakapu ikafanya kazi yake vizuri kabisa, ikachukua lile faili tupu ikaliweka juu ya lile zima kwenye diski, na Jumatatu ndio anagundua. Ananipigia simu, namwambia tulia mwalimu diski ipo, nafungua diski nakuta tupu na yenyewe. Iliniuma sana kwa sababu kosa lilikuwa la kwangu, niliwasha bakapu isiyotunza matoleo ya zamani. Tangu siku ile siweki bakapu bila matoleo, na hapo ndipo nitakaa sana leo.

Hatua ya 1: ipe diski jina

Chomeka diski, fungua This PC, bofya kulia juu yake, chagua Rename, andika AKIBA. Hii watu wanairuka halafu bakapu inakufa baada ya wiki tatu hawajui kwa nini. Sababu ni kwamba Windows inaipa diski herufi, leo E: kesho ukiwa umechomeka flashi kwanza inakuwa F:, na programu iliyoambiwa iende E: inakosa pa kwenda, au mbaya zaidi inaikuta flashi ya mtu mwingine. FreeFileSync inakubali jina la diski badala ya herufi, unaliandika kwenye mabano ya mraba, basi hata herufi ikibadilika mara kumi inaipata.

Ukiwa hapohapo bofya kulia tena, Properties, uangalie File system. Ikiwa FAT32 haitapokea faili lolote linalozidi GB 4, video ya harusi inagoma hapo. Kama diski ni mpya na unatumia Windows tu iformati iwe NTFS, ila kama ina vitu ndani vitoe kwanza maana kuformati kunafuta kila kitu.

Ndani ya diski tengeneza folda mbili, Laptopu na Matoleo. Ziwe pembeni kwa pembeni, Matoleo isiwe ndani ya Laptopu.

Hatua ya 2: mwambie achukue nini, apeleke wapi

Fungua FreeFileSync. Upande wa kushoto weka folda ya mtumiaji, kulia weka diski, hivi:

```
C:\Users\Mwalimu
[AKIBA]\Laptopu
```

Folda ya mtumiaji nzima ina takataka nyingi za programu ambazo huzihitaji, kwa hiyo bonyeza F7 ufungue kichujio, kwenye Include futa ile nyota uandike:

```
\Documents\
\Desktop\
\Pictures\
```

Ila angalia hapa tafadhali. Laptopu nyingi siku hizi zimeunganishwa na OneDrive na Documents unayoiona si ile iliyopo `C:\Users\Mwalimu\Documents`, imehamishiwa ndani ya folda ya OneDrive, ukichukua ile ya kwanza unabakapu folda tupu mwaka mzima. Fungua Documents, bofya kulia faili lolote, Properties, soma pale Location. Ikitaja OneDrive basi kwenye kichujio andika `\OneDrive\Documents\`, na bofya kulia folda yenyewe uchague Always keep on this device ili mafaili yawe kweli kwenye laptopu.

Hatua ya 3: matoleo

Bonyeza F8. Utaona Two way, Mirror, Update na Custom. Two way usiiguse kwa kazi hii, ukifuta kitu kwenye diski kwa bahati mbaya itakufutia na kwenye laptopu. Chagua Mirror, yaani diski ifuate laptopu.

Mirror peke yake ndiyo iliyommaliza mwalimu wangu. Kwa hiyo shuka chini palipoandikwa kuhusu mafaili yanayofutwa au kuandikwa juu, utaona Recycle bin, Permanent na Versioning. Chagua Versioning, na kwenye njia yake andika:

```
[AKIBA]\Matoleo
```

Kwenye mtindo wa majina chagua Time stamp [File], usiache Replace, maana Replace inatunza toleo moja tu la mwisho, ukichelewa wiki mbili kugundua kosa limeshapita. Ukiweka Time stamp, kila faili linalotaka kuandikwa juu linahamishiwa kwanza Matoleo na jina lake linaongezewa tarehe na saa, kisha jipya linakaa mahali pake. Na kwa kuwa ni kuhamisha ndani ya diski ileile haichukui muda wowote.

Nafasi nayo isikutishe. Kinachoingia Matoleo ni kile tu kilichobadilika au kufutwa wiki hiyo, picha zako elfu nne zilizokaa kimya haziingii. Kwa mwalimu niliweka kikomo cha siku 90, ipo hapohapo chini, yakizidi siku hizo yanafutwa yenyewe. Siku 90 kwake inatosha, wewe kama faili zako unazifungua mara moja kwa mwaka weka 365.

Sasa bonyeza F5 ilinganishe, soma orodha, halafu F9. Mara ya kwanza itakaa, ya mwalimu ilikuwa GB 84 ikachukua saa nzima na kidogo, laptopu iache kwenye chaji. Wiki zinazofuata ni dakika chache tu maana inabeba vilivyobadilika.

Hatua ya 4: isevu kama kazi ya kujiendesha

Nenda menyu ya File, Save as batch job. Weka tiki Run minimized na Auto-close, na kwenye makosa chagua Show error message, usiweke tiki Ignore errors. Auto-close ni muhimu kuliko inavyoonekana, usipoiweka dirisha linabaki wazi baada ya kumaliza, na ratiba ya Windows inahesabu kazi bado inaendelea, ukiilaza tu laptopu bila kuizima zamu inayofuata inaweza kukataa kuanza. Sevu mahali ambapo hapatafutwa, mie natengeneza folda ya `C:\Bakapu` na faili naliita `jumamosi.ffs_batch`.

Hatua ya 5: ratiba

FreeFileSync yenyewe haina saa, saa ipo kwenye Windows. Bonyeza Windows na R, andika `taskschd.msc`, Enter. Chagua Create Task, si Create Basic Task, ile ya Basic inakuficha setingi mbili tunazozihitaji.

General: ipe jina, acha Run only when user is logged on ili ujumbe wa kosa uuone.

Triggers: New, Weekly, tiki Saturday, saa 2 usiku, na hapa kuweni makini, kompyuta inasoma saa za kizungu, saa 2 usiku ni 8:00 PM. Nimeshakuta mtu kaweka 2:00 AM anashangaa mbona haifanyi kazi, saa nane za usiku amelala na laptopu imezimwa.

Actions: New, kisha jaza hivi pamoja na alama za kunukuu:

```
Program/script: "C:\Program Files\FreeFileSync\FreeFileSync.exe"
Add arguments:  "C:\Bakapu\jumamosi.ffs_batch"
```

Conditions: toa tiki kwenye Start the task only if the computer is on AC power. Windows inaiweka yenyewe tangu mwanzo, na sisi huku umeme ukikatika jioni ya Jumamosi laptopu inakuwa kwenye betri, bakapu inarukwa kimyakimya bila ujumbe wowote. Ukiona betri ni ndogo chomeka chaja, ila usiiachie Windows ikuamulie.

Settings: weka tiki Run task as soon as possible after a scheduled start is missed. Hii haipo mwanzo, unaiweka mwenyewe. Ukiwa Jumamosi umeenda Pangani kwenye msiba na laptopu imezimwa, Jumapili ukiiwasha itakaa kama dakika 10 halafu itaanza yenyewe.

Diski usiiache imechomeka wiki nzima. Virusi vile vya kufunga mafaili na kudai pesa vinafunga na diski iliyochomekwa, Matoleo na kila kitu. Weka alamu ya simu Jumamosi saa moja na nusu usiku, ichomeke, ikimaliza itoe kwa Safely Remove, iweke kwenye kopo lenye mfuniko, na sisi tunaokaa karibu na bahari, Raskazone huko na Chumbageni, hewa ya chumvi inakula meno ya waya wa USB, ukiona diski inatokea na kupotea badilisha waya kabla hujailaumu diski. Ukisahau kuichomeka FreeFileSync itakutolea ujumbe kwamba folda haipatikani, chomeka na ubonyeze Retry.

Hatua ya 6: jaribu kabla hujaondoka

Mie siondoki kwa mteja bila hii. Tengeneza Documents faili `jaribio.txt`, andika ndani moja, sevu. Kwenye Task Scheduler bofya kulia kazi yako, Run. Ikimaliza rudi kwenye faili, futa moja, andika mbili, sevu, Run tena. Sasa fungua diski, kwenye `Laptopu\Documents` faili lisome mbili, na kwenye `Matoleo\Documents` kuwe na kitu cha namna hii:

```
jaribio.txt 2025-03-15 200412.txt
```

Lifungue, lazima lisome moja. Tarehe ile ni ya siku lilipohamishwa, si ya siku ulipoliandika, kwa hiyo unapotafuta faili la kabla ya kosa chukua lenye tarehe ya bakapu ya kwanza baada ya kosa. Mfano mwalimu alifuta Alhamisi, bakapu ni Jumamosi, basi faili lake zima lingekuwa lile lenye tarehe ya Jumamosi hiyo.

Kwenye Task Scheduler angalia na Last Run Result, isome 0x0. Ikisoma namba nyingine fungua `%AppData%\FreeFileSync\Logs`, faili lenye tarehe ya karibuni zaidi linakuambia ni faili gani lilikataa, mara nyingi ni Excel iliyoachwa wazi.

Mwalimu nilimrudishia hivi mwezi uliofuata baada ya kumuwekea upya. Akafuta tena, safari hii ni orodha ya michango ya wazazi, akaja kibandani Jumanne na diski mkononi. Tukafungua Matoleo, tukakopi lile la Jumamosi tukalipeleka Desktop, tukafuta tarehe kwenye jina, akalifungua akashuka mpaka safu ya mwisho akahesabu majina, 47, yote yapo.