Kurudia maneno kwa miezi sita: weka tarehe ya kuacha maneno mapya

Tuseme unatembeza wageni Mji Mkongwe wa Bagamoyo na magofu ya Kaole, na unataka Kijerumani cha kuwaelezea. Wakati wa masika wageni ni haba, kwa hiyo nafasi ya kusoma ipo. Tutaanza tarehe 1 Februari na kumaliza 31 Julai, msimu ukiwa umechangamka.

Hatua ya kwanza: kadi. Kila siku andika maneno 8, kila neno na kadi yake, Kiswahili mbele na Kijerumani nyuma. Kama ni nomino, andika na jinsia yake, maana kuiongeza baadaye ni kujifunza upya. Kadi 8 za siku moja ni fungu; lipe namba, lifunge kwa mpira. Siku moja kwa juma usiandike jipya, rudia tu.

Hatua ya pili: daftari. Chukua kaunta buku, kila tarehe iwe na mistari yake hadi Julai. Siku unayoandika fungu, papo hapo lipangie tarehe zake zote za kurudiwa. Fungu namba 1 la 1 Februari litarudi 2 Februari, 5 Februari, 12 Februari, 28 Februari, 4 Aprili na 18 Juni. Yaani unangoja siku 1, kisha 3, 7, 16, 35, na mwisho 75. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba tunasahau upesi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Ndiyo maana marudio ya kwanza yanakaribiana na ya mwisho yanaachana.

Hatua ya tatu: kurudia. Soma Kiswahili, tamka Kijerumani kwa sauti, ndipo ugeuze kadi. Ukigeuza kwanza ukasema "aa, nililijua hili", hesabu umekosa. Neno ulilokosa litoe kwenye fungu lake, liingie fungu la kesho na kuanza safari upya. Likikosewa mara nne, tatizo ni kadi yenyewe: iandike upya kwa sentensi unayoisema kazini, mbele ya ngome au msikitini Kaole.

Hatua ya nne: siku ya kuacha. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa mzigo hauonekani mapema. Juma la kwanza una kadi chache mno, unashawishika kuandika maneno 20 kwa siku. Lakini kuanzia 4 Aprili kila siku inakuletea mafungu kama matano ya zamani. Kwa maneno 8 hiyo ni kadi 40 hivi, zinazowezekana kabla ya chai ya asubuhi. Kwa maneno 20 ni kadi 100, bado ulizokosea, na daftari linaachwa hapo.

Fungu linahitaji siku 62 kufika marudio ya tano. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka 31 Julai, fungu la mwisho ni la 30 Mei. Neno la Juni lingekutana na wageni likiwa bado bichi. Kwa mpango huu unapata mafungu 102, yaani maneno 816, pungufu kidogo kwa yale yaliyokosewa na kuchukua nafasi ya mapya. Baada ya 26 Juni zinabaki kadi kama 16 kwa siku, na muda unaobaki ni wa kuzungumza.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, shikamoo. Mwezi wa Ramadhani nguvu zinapungua. Nisimame kabisa?*

Marahaba. Usisimamishe marudio, punguza mapya yawe 4, na urudie baada ya daku kama wakati huo akili yako iko macho. Mzigo wa majuma yanayofuata nao utapungua.

*Mimi naendesha bajaji Magomeni. Nimeugua, siku tisa sijagusa kadi. Zote nizimalize leo?*

Hapana, kaka. Kwanza acha maneno mapya. Kisha anza na mafungu yaliyokuwa yangoje siku 1 au 3, kwa sababu kuchelewa siku tisa kwake ni kuchelewa sana. Lililongoja siku 35 halijaumia vile. Kadi 50 kwa siku, hadi deni liishe.

*Nitajuaje kama nafasi za siku hazinifai?*

Angalia marudio ya nne, yale ya kungoja siku 16. Ukikosa neno moja kati ya 8, sawa. Ukikosa matatu, fungu baada ya fungu, fanya 16 iwe 12 na 35 iwe 25. Usiibadilishe kwa sababu ya siku moja mbaya.

*Natumia Anki, programu ya kadi kwenye simu. Daftari la nini tena, dada?*

Tarehe itakupangia yenyewe, hilo daftari liache. Ila inakuja na maneno mapya 20 kwa siku. Ingia kwenye mipangilio, `New cards/day` weka 8, na ikifika 31 Mei weka 0, hiyo haitakufanyia.