Somo: Kujaza sehemu yako ya tathmini ya mwaka bila kujitapa wala kujidhalilisha

Ndugu zangu wa Tanga, msimu wa fomu umefika. Kwa miaka niliyokaa ofisi ya utumishi nimesoma fomu nyingi, na zinazompa msimamizi kazi ngumu ni za aina mbili: ya mtu aliyejisifu kwa maneno matupu, na ya mtu aliyeomba msamaha kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Zote mbili hazimwambii msimamizi kilichofanyika. Wapo pia wanaosema chema chajiuza, wanaacha nafasi wazi. Ukweli ni kwamba msimamizi mwenye watu ishirini hakumbuki ulichofanya mwezi wa Machi.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Nimemtunga mtunza stoo wa vipuri katika kiwanda cha mkonge, upande wa Muheza. Malengo yake ya mwaka yalikuwa mawili: hesabu ya stoo ilingane na leja, na vipuri vya korona, ile mashine ya kuchakata majani, visikosekane.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi kabla ya kugusa fomu

Ukianza kuandika kwa kumbukumbu, utaandika ya Novemba na Desemba tu. Chukua leja, kadi za stoo, hati za kutolea vipuri na ujumbe wa simu wa kikazi, kisha pitia mwezi kwa mwezi. Kwenye karatasi ya pembeni andika kilichokwenda vizuri na kilichoharibika, bila kupamba. Mtunza stoo wetu akapata hivi: hesabu ya Machi, vipuri 14 havikulingana na leja, hesabu ya Desemba, vipuri 3. Na Agosti, korona ilisimama kwa kukosa beringi.

Hatua ya 2: Andika uwezo wako kama kazi iliyofanyika

"Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma" ni sentensi ambayo kila mtu kiwandani anaweza kuiandika, hata mvivu. Afadhali hii:

"Vipuri visivyolingana na leja vimepungua kutoka 14 hesabu ya Machi hadi 3 hesabu ya Desemba. Nilipanga rafu upya kwa namba za vipuri na kuhesabu rafu moja kila Ijumaa. Fundi mkuu alinisaidia kutambua vipuri visivyo na namba."

Hapo hakuna sifa hata moja, lakini msomaji amemwona mtu makini. Kumtaja fundi hakumpunguzii kitu; kunaonyesha mpaka wa kazi yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, angalia "tulifanya, tulipunguza, tulifanikisha". Kama ni wewe, andika "nili-". Kama mlikuwa wengi, sema wewe ulishika kipande gani.

Hatua ya 3: Kosa

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Beringi ziliisha kwa njia ya kawaida kabisa. Kadi ilisoma nne, na nne ndicho kiwango cha chini kilichowekwa, basi hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kwenye rafu ilikuwepo moja. Tatu zilitoka zamu ya usiku kwa ahadi kwamba hati italetwa asubuhi, na hati haikuja. Hiyo moja ilipofungwa nayo ikafa, korona ikasimama siku moja na nusu, majani yaliyokwishakatwa yakaanza kukauka, na jani likikauka singa hazitoki vizuri.

Mwoga ataandika: "Kulijitokeza changamoto ndogo ya vipuri iliyosababishwa na ucheleweshaji wa nyaraka." Nani alichelewesha? Hajulikani. Vitenzi kama zilisahaulika, ilipotea na lilichelewa ni maficho mazuri, na msimamizi mzoefu huyajua.

Aliyeingiwa na hofu ataandika: "Naomba radhi sana kwa uongozi mzima, mimi ni binadamu, nilipitiwa, sitarudia tena." Msimamizi atamwonea huruma, lakini hajui bado stoo ina usalama gani mwakani.

Andika hivi:

"Mwezi Agosti korona ilisimama siku moja na nusu kwa kukosa beringi. Nilitoa beringi tatu usiku bila hati na sikufuatilia asubuhi, hivyo kadi ikaendelea kuonyesha nne. Tangu Septemba sitoi kipuri bila hati yenye sahihi ya msimamizi wa zamu, na kitabu cha hati kinakaa stoo usiku. Katika hesabu ya Desemba, beringi na mikanda ya korona vililingana na kadi. Vipuri vya umeme bado sijaviingiza kwenye utaratibu huu. Nitaviingiza kabla ya Machi."

Kuna kilichotokea, sehemu yake, alichobadilisha, dalili kwamba kimefanya kazi, na kilichobaki. Sentensi ya mwisho usiione ndogo. Mtu anayesema tatizo limekwisha kabisa huaminiwa kidogo kuliko anayeonyesha kona ambayo hajaifikia. Radhi, kama ilihitajika, iliombwa Agosti ana kwa ana.

Hatua ya 4: Alama

Weka alama baada ya maandishi, na kwa kila lengo peke yake. Kama fomu yenu inatumia 1 hadi 5, na 3 ni lengo kufikiwa, mtunza stoo huyu anaweza kutetea 4 kwenye hesabu na 2 kwenye vipuri vya korona. Anayejipa 3 kila mahali ili asionekane, huyo hajatoa tathmini yoyote.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mabawa:* Shikamoo mwalimu. Kuna kosa nilifanya, bosi wangu halijui mpaka leo. Niliandike?

Marahaba, mwanangu. Usimfanye alisome kwa mara ya kwanza kwenye fomu. Nenda kamweleze kwanza, umwonyeshe ulichorekebisha, ndipo uandike. Fomu inakwenda kwenye faili, na yeye ataulizwa na wakubwa wake kwa nini hakujua.

*Mwanachama wa Ngamiani:* Je, kama beringi alizitoa mwenzangu, mimi nikaja kukuta tu?

Andika yako: kwamba ulipokea zamu bila kulinganisha kadi na rafu. Ya mwenzako yaache kwenye fomu yake. Ikibidi kueleza, taja "zamu iliyotangulia", jina usiweke.

*Mwanachama wa Pongwe:* Nikiri hivi kwa maandishi, si nimejifukuzisha kazi?

Hofu yako naielewa, dada. Kwa utendaji usioridhisha, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinamtaka mwajiri akupe maelekezo na muda wa kutosha kujirekebisha kabla ya kukuachisha. Aya inayoonyesha umekwishajirekebisha inakusaidia hapo. Lakini kama jambo lina harufu ya utovu wa nidhamu, mfano upotevu wa mali au fedha, hiyo ni njia nyingine kabisa. Zungumza kwanza na mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi kabla hujaandika chochote.

*Mwanachama wa Chumbageni:* Sisi wa serikalini tunajaza PEPMIS siku hizi, siyo OPRAS. Hatua hizi zinatufaa?

Zinakufaa, ila hatua ya kwanza igawanye. Mwaka wenu ni Julai hadi Juni, na utekelezaji unaingizwa kadiri kazi inavyokwenda. Ingiza ushahidi wiki ile ile kazi ilipokamilika. Ukisubiri Juni, utajikuta unaandika asilimia ambazo huwezi kumwonyesha msimamizi zimetoka wapi.