Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupeleka Barua ya Kuomba Mkopo wa Kupanua Kibanda

Andika barua ya ukurasa mmoja, kwa meneja wa tawi. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kiasi unachoomba kitaje kwa tarakimu na kwa maneno, na kiwe kilekile ulichojaza kwenye fomu. Weka tarehe, namba ya simu inayopatikana na saini. Hayo hayahitaji mjadala.

Nafasi unayotaka kuongeza iwe tayari imeridhiwa na uongozi wa soko, kwa maandishi, na nakala uiambatanishe. Ridhaa ya mdomo haimsaidii afisa mikopo, kwa sababu meza ikiondolewa, mkopo unabaki pale pale.

Sasa tukae kwenye aya moja inayoangusha barua nyingi, ile inayoeleza utalipaje. Chukua mama anayeuza vyombo vya plastiki. Anaomba 1,200,000 kwa miezi 12 ili ajenge upande wa pili wa kibanda, na anaandika hivi: “Mauzo yangu ni 1,560,000 kwa mwezi, hivyo marejesho hayatanisumbua.” Hajadanganya. Anauza 60,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Lakini afisa anakuja kibandani, anaomba daftari la mauzo na risiti za manunuzi, anaanza kupunguza. Mzigo wenyewe unakula 1,170,000. Zinabaki 390,000. Kodi ya kibanda, ushuru, usafiri na msaidizi ni 180,000, na matumizi ya nyumbani 110,000. Mkononi zinabaki 100,000 tu.

Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo, anatakiwa kurejesha 124,000 kila mwezi: 100,000 za deni na 24,000 za riba. Pengo ni 24,000 kabla hata mtoto hajaugua. Atasema upande mpya utaziba pengo hilo. Hautaziba kwa wakati. Rejesho la kwanza huweza kudaiwa wiki au mwezi baada ya fedha kutoka, na wakati huo fundi huenda bado anapigilia mbao.

Kuna kosa la pili ndani ya barua hiyohiyo: fedha zote ameziweka kwenye ujenzi. Rafu zitasimama bila mzigo, au atagawa mzigo wa zamani pande mbili. Kibanda kitaonekana kikubwa huku mauzo yakibaki yaleyale, na deni juu yake. Hapa ndipo wengi huanza kula mtaji ili walipe rejesho. Utaijua hali hiyo ukiona unalipa kwa wakati lakini kila safari ya kununua mzigo unarudi na vitu vichache zaidi.

Barua hiyo inapaswa kuandikwa upya hivi: “Naomba 600,000 kwa miezi 12. Kati ya hizo, 180,000 ni za meza na rafu, 120,000 za paa na 300,000 za mzigo. Ada ya nafasi mpya nimeilipa mwenyewe. Baada ya manunuzi, gharama na matumizi ya nyumbani, kibanda changu cha sasa kinanibakishia 100,000 kwa mwezi. Rejesho la 62,000 nitalilipa kutokana na hizo, hata kabla upande mpya haujaanza kuuza.” Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Upanuzi uliobaki utafuata kwa mkopo wa pili, baada ya huu kuisha.

Kabla ya kuandika kiasi, uliza ni makato gani yanatolewa fedha zikitoka: ada ya fomu, bima, akiba ya lazima. Aliyeidhinishiwa 600,000 anaweza kupokea pungufu, na fundi hatapunguza bei kwa sababu hiyo. Uliza pia kama riba inahesabiwa kwenye mkopo wote au kwenye deni linalobaki. Asilimia ileile hutoa marejesho tofauti.

Usifiche deni jingine, hata la kikundi. Litaje pamoja na rejesho lake, na ulitoe kwenye ile 100,000. Daftari lako lianze miezi kadhaa kabla ya barua. La kuandikwa usiku mmoja lina wino mmoja na kurasa safi mno. Mdhamini aisome barua kabla ya kuweka saini. Usisaini fomu yenye nafasi tupu ya kiasi. Ukiandikiwa na mtu mwingine, hakikisha unaweza kueleza kila tarakimu mwenyewe, maana afisa atakuuliza wewe, ukiwa kibandani, wateja wakisubiri. Na nakala ibaki kwako.