Kuajiri mfanyakazi wa kwanza: lini kibarua si kibarua tena

Nina duka la vifaa vya ujenzi Makorora, Tanga. Kwa miezi 14 nilikuwa na kijana wa kupakia saruji na kukata nondo. Siku sita kwa wiki, 10,000 mkononi kila jioni, na kwenye daftari nilimwandika "kibarua". Nilipomwachisha alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Swali la kwanza niliulizwa mkataba uko wapi. Sikuwa nao, na bila mkataba wa maandishi mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wa mwajiri. Tulimalizana kwa 600,000: likizo ambayo hakuwahi kupewa, notisi na kiinua mgongo.

Basi anza na daftari lako. Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa wako, mpaka uthibitishe vinginevyo, akiwa amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Hizo ni siku tano tu za saa tisa. Wapakiaji wanaokuja lori la saruji likifika, mara mbili kwa mwezi, waache wabaki vibarua. Anayefungua duka nawe kila asubuhi umwajiri, hata kama ni mpwa wako.

Sasa hesabu. Kibarua wa 10,000 kwa siku 26 ni 260,000. Mimi nimeajiri kwa mshahara wa 300,000. Kwanza hakikisha kiwango chako hakipungui kima cha chini cha sekta yako. NSSF nachangia asilimia 10, yaani 30,000, na yeye anakatwa 30,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5, sawa na 1,500. Kodi ya mshahara haipo, kwa sababu baada ya makato ya NSSF inabaki 270,000, na kodi inaanzia juu ya hapo. Tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inawahusu wenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Likizo ni siku 28 kwa mwaka zenye malipo, na dukani lazima awepo mtu: naweka 20,000 kila mwezi za kumlipa wa kushikilia. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, naweka 6,700. Jumla ni kama 358,000 kwa mwezi. Kama duka halibebi kiasi hicho hata miezi ya mvua, punguza siku za kibarua kabla hajafikisha zile saa 45 kwa mwezi.

Ukishaamua, andikeni mkataba nakala mbili, kila mmoja asaini. Usajili wa mwajiri NSSF na WCF hufanyika mtandaoni. Kilichonila wiki tatu ni namba ya NIDA: kijana wangu mpya alikuwa na jina moja kwenye kitambulisho na jingine kwenye cheti cha shule, ikabidi arekebishe kwanza. Muombe namba ya NIDA siku ya usaili, ulinganishe herufi kwa herufi na jina utakaloandika kwenye mkataba.